Jinsi ya kuandika barua pepe ya kutangaza matengenezo ya kanzidata: saa ya kuzima, saa ya kurudi

Niliwahi kuandika tangazo la namna hii likaharibu usiku wa watu kumi na wawili. Niliandika: "Mfumo utakuwa kwenye matengenezo Jumapili, 2:00–6:00." Kichwani mwangu hizo zilikuwa saa za seva, yaani saa nane usiku hadi saa kumi na mbili alfajiri. Ghala la Vingunguti walisoma kama mtu yeyote wa Dar anavyosoma: saa mbili asubuhi hadi saa sita mchana. Wakapanga vizuri kabisa. Walikuwa na hesabu ya mali ya kufunga, wakasema waifanye usiku ili Jumapili asubuhi mfumo ukizimwa wawe wameshamaliza. Saa nane usiku juu ya alama, wakiwa katikati ya rafu ya sabuni, nikawazimia mfumo.

Msimamizi wao alinipigia simu alfajiri. Hakugomba. Alisema tu: "Kaka, si wewe umeandika saa mbili? Sisi ndiyo tumewahi hivyo."

Tangu siku hiyo, barua ya matengenezo naianzia kwenye saa, na maneno mengine nayajenga kuizunguka hiyo saa. Hapa chini nafuata kazi moja mwanzo hadi mwisho: kampuni ya jumla yenye duka Kariakoo, ghala Vingunguti na ofisi Upanga, inayohamisha kanzidata ya mauzo kutoka PostgreSQL 13 kwenda 17. Toleo la 13 liliacha kupata marekebisho Novemba 2025, kwa hiyo kazi yenyewe haikwepeki. Swali ni usiku gani, kwa muda gani, na watu waambiweje.

Kwanza, tafuta nani yuko macho

Usichague muda kwa kudhani kwamba usiku hakuna mtu. Iulize kanzidata yenyewe. Ukiwa na jedwali la miamala lenye safu ya muda ya aina ya `timestamptz`, swali hili linakupa idadi ya miamala kwa kila siku na kila saa ya Dar katika wiki nane zilizopita:

```
SELECT extract(isodow FROM t) AS siku,
       extract(hour FROM t) AS saa,
       count(*)
FROM (SELECT imeundwa AT TIME ZONE 'Africa/Dar_es_Salaam' AS t
      FROM miamala
      WHERE imeundwa >= now() - interval '8 weeks') x
GROUP BY 1, 2 ORDER BY 1, 2;
```

Siku ya 6 ni Jumamosi, ya 7 ni Jumapili. Kwa kampuni hii, jibu lilinishangaza. Jumamosi baada ya saa nne usiku palikuwa kimya, lakini Jumapili kuanzia saa tisa usiku namba zilipanda ghafla. Ni malori ya Morogoro na Dodoma yanayopakiwa kabla jua halijachomoza, na kila lori linahitaji hati ya kutoa mali kutoka kwenye mfumo. Kama ningechagua "Jumapili alfajiri" kwa mazoea, magari yangekwama getini.

Baada ya hapo tazama kalenda. Mwisho wa mwezi uuache. Tarehe 7 ni mwisho wa kupeleka kodi ya mishahara TRA na tarehe 20 ni ritani za VAT, kwa hiyo siku mbili tatu kabla ya tarehe hizo watu wa uhasibu wanakesha na mfumo. Ramadhani usiku hauna ukimya uliouzoea, na zile siku za mwisho kabla ya Idi, Kariakoo hailali mapema. Kwa kesi yetu tulikubaliana usiku wa Jumamosi tarehe 9 Mei 2026. Tarehe 7 imeshapita, ya 20 bado iko mbali.

Tarehe ikishapatikana, waandikie wakuu wa vitengo kabla ya kuwaandikia wote. Barua ya mistari mitatu inatosha: tunataka kuzima usiku fulani, saa fulani hadi saa fulani, je, kuna kazi yenu itakayoangukia hapo? Wape hadi siku fulani wajibu. Hapo ndipo utasikia habari za hesabu ya ghala, mkaguzi anayekuja, au bosi aliyeahidi ripoti Jumapili asubuhi. Bora wayaseme sasa kwa mtu mmoja kuliko wiki ijayo mbele ya wafanyakazi wote.

Muda unaotangaza hutoka kwenye siku mbaya

Wengi hukosea hapa, hata mafundi wazuri. Wanapima kazi ikienda vizuri, wanaongeza nusu saa ya moyo, wanatangaza. Muda wa kutangaza ni ule ambao hata kazi ikishindikana na ukalazimika kurudi ulikotoka, mfumo wa zamani utakuwa umesimama na watu wanafanya kazi.

Fanya zoezi kwenye seva ya majaribio yenye nakala kamili ya data, ukiwa na saa mkononi. Sisi kanzidata ilikuwa na gigabaiti 180, diski si za kasi, tukapata hivi: kuzuia watumiaji na kuchukua nakala rudufu ya mwisho, dakika 45, `pg_upgrade` kwa njia ya kunakili mafaili, dakika 70, kutengeneza takwimu upya, dakika 20, watu kuingia na kujaribu, dakika 25. Jumla dakika 160.

Zile dakika 20 za takwimu usizipunguze. Kuhamia toleo la 17, `pg_upgrade` haibebi takwimu ambazo kanzidata huzitumia kuchagua njia ya haraka ya kutafuta. Ukifungua bila kuzitengeneza, mfumo utawaka lakini ripoti ya sekunde mbili itachukua dakika tano, na watu watasema "mfumo bado haujarudi". Watakuwa na haki. Amri ni hii:

```
vacuumdb --all --analyze-in-stages
```

Sasa tazama jambo lisiloonekana kwa haraka. `pg_upgrade` ina njia nyingine, `--link`, ambayo hainakili mafaili bali inayatumia yaleyale. Kwetu ilimaliza kwa dakika 5 badala ya 70. Kazi nzima inashuka hadi dakika 95. Kijana wetu mmoja alifurahi, akasema tutangaze muda wa saa mbili tu.

Lakini ukitumia `--link`, mara tu ukiwasha toleo jipya, lile la zamani si salama kuwashwa tena, maana mafaili ni yaleyale na yameshaguswa. Njia ya kurudi ni kurejesha ile nakala rudufu, na zoezi letu lilionyesha dakika 90 za kurejesha na 20 za kujaribu. Kwa kunakili, toleo la zamani linabaki kama lilivyokuwa. Kurudi ni kuliwasha tu na kulijaribu, dakika 25. Piga hesabu ya siku mbaya: kunakili ni 160 na 25, yaani dakika 185. Kwa `--link` ni 95 na 110, yaani 205. Njia ya mkato ina kazi fupi lakini ahadi ndefu. Tukachukua kunakili, baada ya kuhakikisha diski ina nafasi ya kubeba data mara mbili.

Dakika 185 ni saa tatu na kitu. Tukatangaza muda wa saa nne kamili: kuanzia saa 4:00 usiku hadi saa 8:00 usiku. Inabaki akiba ya dakika 55 kwa umeme kukatika, jenereta kuchelewa kushika, na mambo ambayo zoezi halikuyaona. Na malori bado yana saa nzima kabla ya kuanza kupakiwa.

Kisha weka saa ya kuamua, na iandike kwenye mpango wenu wa ndani. Yetu ilikuwa saa 7:15 usiku. Ikifika hapo na jipya halijasimama, tunarudi kwa la zamani bila mjadala. Hiyo saa haiingii kwenye barua ya wafanyakazi, wala ile tuliyotegemea kumaliza kazi ikienda vizuri, saa 6:40. Ukiandika "tunategemea saa 6:40, lakini inaweza kufika saa 8:00", kila atakayesoma ataikumbuka ile ya kwanza. Saa 6:45 simu yako itaanza kuita. Toa saa moja ya mwisho, ukimaliza mapema ni zawadi.

Namna ya kuandika saa isisomwe vibaya

Kiswahili chetu kinahesabu saa kuanzia jua kuchomoza na kuzama, simu na seva zinahesabu kuanzia usiku wa manane. Msomaji wako anaishi kwenye hesabu zote mbili, wakati mwingine ndani ya sentensi moja. Kwa hiyo andika zote mbili, ya Kiswahili kwanza kwa neno la wakati (asubuhi, mchana, jioni, usiku, alfajiri), kisha ya tarakimu ishirini na nne kwenye mabano: saa 4:00 usiku (22:00) hadi saa 8:00 usiku (02:00). Namba tupu bila neno la wakati usiiandike kamwe.

Tatizo la pili ni jina la usiku. "Usiku wa Jumapili" kwa wengine ni usiku baada ya Jumapili kwisha, na kwa wengine, hasa waliokulia kwenye hesabu inayoanza siku mpya magharibi, ni usiku unaoingia Jumapili. Ni siku nzima ya tofauti. Dawa tunayo tayari kwenye lugha: "usiku wa Jumamosi kuamkia Jumapili". Neno "kuamkia" linafunga mlango wote, na tarehe mbili zikiwekwa pembeni yake hakuna anayebaki na swali.

La tatu linawahusu mafundi zaidi. Seva nyingi zimewekwa UTC, saa tatu nyuma yetu. Saa 4:00 usiku ya Dar ni 19:00 kwenye seva hiyo. Kabla ya kutuma, hakiki kwa mashine badala ya vidole:

```
TZ=Africa/Dar_es_Salaam date -d '2026-05-09 19:00 UTC'
```

Ikijibu 22:00 EAT ya tarehe 9 Mei, uko sawa. Uangalie pia kazi zinazojiendesha zenyewe usiku, kama ripoti na nakala rudufu. Inayowaka 21:00 UTC itaamka saa sita usiku katikati ya matengenezo yako.

Barua yenyewe

Mstari wa mada ubebe habari yote, kwa sababu wengi wataishia hapo. Kwenye simu maneno ya mwisho hukatwa, kwa hiyo kinachozimwa na siku vitangulie. "Taarifa muhimu kwa wafanyakazi wote" haisemi kitu.

Ndani, usitaje kanzidata wala namba ya toleo. Mtu wa duka hajui kama anatumia PostgreSQL. Anajua "mfumo wa mauzo", ile skrini ya bluu. Kiite kitu kwa jina analokiita yeye. Kisha mweleze kila kundi litaona nini, kwa sababu swali la kila mmoja ni hilohilo: mimi je? Barua tuliyotuma ilikuwa hivi:

> Mada: Mfumo wa mauzo utazimwa Jumamosi 9 Mei, saa 4:00 usiku hadi saa 8:00 usiku
>
> Ndugu wafanyakazi wenzetu,
>
> Mfumo wa mauzo na ghala hautapatikana usiku wa Jumamosi tarehe 9 kuamkia Jumapili tarehe 10 Mei 2026, kuanzia saa 4:00 usiku (22:00) hadi saa 8:00 usiku (02:00). Tunahamia toleo jipya kwa sababu la sasa halipati tena marekebisho ya usalama.
>
> Duka, Kariakoo: Fungeni hesabu za siku kabla ya saa 3:30 usiku. Ankara iliyoachwa wazi baada ya hapo haitahifadhiwa.
>
> Ghala, Vingunguti: Hati za kutoa mali kwa malori ya Jumapili alfajiri zichapwe Jumamosi kabla ya saa 3:30 usiku. Mali ikitoka au kuingia wakati mfumo umezimwa, iandikwe kwenye daftari la dharura na iingizwe baada ya saa 8:00 usiku.
>
> Mawakala wa mikoani: Ukituma oda muda huo utaona "Mfumo uko kwenye matengenezo". Usirudie kutuma. Subiri hadi baada ya saa 8:00 usiku.
>
> Uhasibu: Malipo ya wateja kwa lipa namba yataendelea kuingia, lakini hayataonekana kwenye mfumo hadi tuyalinganishe Jumapili asubuhi. Kabla ya saa 4:00 asubuhi ya Jumapili, msimwambie mteja kwamba hajalipa.
>
> Barua pepe, simu za ofisini na intaneti vitaendelea kama kawaida.
>
> Baada ya matengenezo utaingia kwa nywila yako ileile. Hatutamwomba mtu yeyote nywila wala kumtumia kiungo cha kubofya. Ukipata ujumbe wa namna hiyo ni wa kitapeli.
>
> Maswali kabla ya siku hiyo: jibu barua hii. Usiku wenyewe: piga simu ya zamu ya Tehama iliyobandikwa kwenye kila kaunta.
>
> Kitengo cha Tehama

Vitu viwili humo vina sababu ambayo haionekani kwa urahisi. Ile aya ya uhasibu ilitokana na tatizo la kweli. Mteja akilipa kwa simu, pesa inaingia kwenye akaunti na kampuni ya simu inaupelekea mfumo wako taarifa. Mfumo ukiwa umezimwa, taarifa inagonga mlango hakuna wa kufungua. Baadhi ya watoa huduma hurudia kutuma, wengine huacha. Muulize wako kabla ya siku yenyewe, na hata akijibu kwamba anarudia, panga mtu wa kulinganisha taarifa ya malipo na mfumo asubuhi, mstari kwa mstari. Usipofanya hivyo mteja aliyelipa atasimamishiwa mzigo wake, na atakuja dukani na ujumbe wa muamala kwenye simu huku keshia akimwonyesha deni.

Na ile ya nywila imo kwa sababu matapeli wanapenda sana matengenezo. Tangazo lako likishasambaa, barua ya "mfumo umeboreshwa, thibitisha akaunti yako hapa" inaonekana ya kawaida kabisa. Ndiyo maana yetu haikuwa na kiungo hata kimoja.

Tuma kutoka anwani ya kitengo, si ya kwako binafsi, na orodha ya wapokeaji uifiche. Vinginevyo mtu atajibu "sawa" kwa watu mia na hamsini, na wa pili atawajibu wote akiomba waache kujibu wote.

Lini, na kwa njia gani

Wakuu wa vitengo waliandikiwa Jumatano tarehe 29 Aprili. Barua ya wote ilitoka Jumatatu tarehe 4 Mei, saa tatu asubuhi. Ukumbusho ulitoka Ijumaa tarehe 8, saa nne asubuhi, kabla watu hawajaanza kutoka kwenda msikitini na kabla akili hazijahamia wikiendi. Ukumbusho uwe mstari wa mada uleule na aya ya kwanza tu. Usibadilishe maneno, maana ukibadilisha watu watadhani na saa imebadilika.

Lakini wapakiaji na madereva hawafungui barua pepe. Kwao aya ya ghala ilinakiliwa kwenye kundi lao la WhatsApp, na karatasi ikabandikwa kwenye mlango wa ofisi ya ghala kwa herufi kubwa. Nilipopita Ijumaa nikakuta msimamizi ameongezea kwa kalamu nyekundu chini yake: "NANE USIKU, SI MCHANA." Sikuiondoa.

Usiku wenyewe

Andaa ujumbe wa aina tatu mapema, ukiwa na akili iliyopumzika: tumeanza, tumemaliza, tumechelewa. Ule wa tatu ndio wa kuandaa kwa uangalifu, kwa sababu ukifika wakati wake utakuwa umechoka na unatafuta maneno ya kujitetea. Uwe hivi:

> Matengenezo ya mfumo wa mauzo yatachelewa. Muda mpya wa kurudi ni saa 9:30 usiku (03:30). Ghala waendelee na daftari la dharura. Tutatoa taarifa nyingine saa 9:00 usiku, hata kama hakuna jipya.

Saa mpya iwe ya kutosha. Kuahirisha mara moja kwa saa moja na nusu watu wanavumilia; kuahirisha mara tatu kwa nusu saa hawakuamini tena, hata ukisema kweli. Na ukiahidi taarifa saa tisa, itoe saa tisa.

Ujumbe wa kumaliza usiutume kwa kuwa skrini yako imeandika kila kitu kiko sawa. Tulimwomba mtu mmoja wa ghala na mmoja wa duka wabaki macho. Waliingia, wakatengeneza ankara ya majaribio, wakachapa, wakaifuta. Haya yote kabla mlango haujafunguliwa kwa wengine, kwa sababu watu wakishaanza kuingiza mauzo kwenye toleo jipya, kurudi kwa la zamani ni kuyapoteza mauzo hayo.

Sisi tulifungua saa 7:05 usiku. Ujumbe wa mwisho ulisema hivyo, ukataja kwamba malipo ya lipa namba yanalinganishwa asubuhi, na kwamba ripoti ya mauzo ya mwezi inafungukia ukurasa mweupe kwenye simu za zamani na tunaishughulikia. Hilo la ripoti tuligundua sisi wenyewe dakika kumi kabla ya kufungua. Jumatatu asubuhi wawili walipiga simu kuuliza habari yake, na wote walianza kwa kusema: "Ile mliyoandika."